Paka wangu anahema mdomo wazi, nilimfungia chumba cha bati huku Nkuhungu, Dodoma. Nimemmwagia maji, sasa nifanyeje?

MkaziNkuhungu, Jumanne saa 9:10 alasiri

Wakuu, naomba msaada wa haraka. Nina paka jike mweusi, anaitwa Zabibu, ana miaka mitatu na uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Leo asubuhi nimetoka saa tatu kwenda mjini, nikafunga mlango na madirisha yote kwa sababu ya vumbi. Sikujua kama yuko ndani, nilidhani yuko kwa jirani kama kawaida yake. Chumba ni cha bati na singibodi bado sijaweka.

Nimerudi saa tisa kasoro, nafungua mlango nakutana na joto kama la tanuri la mkate. Yeye kalala ubavu kwenye sakafu, mdomo wazi, ulimi nje, anahema haraka haraka kama mbwa, udenda unamtoka mpaka kifua kimelowa. Fizi nyekundu kama nyanya. Nimemwita, akainuka, akapepesuka, akaanguka.

Nimemtoa barazani kwenye kivuli na kumwagia maji kidogo mgongoni. Bado anahema. Maji ya kunywa anayakataa. Nifanyeje?

BajajiNambaNne, saa 9:13

Huyo kalishwa sumu ya panya mkuu. Udenda na kupepesuka ni sumu hiyo. Mpe maziwa mengi haraka, usimcheleweshe.

KijanaWaMakulu, saa 9:14

Sio sumu, ni joto. Chukua ndoo, jaza maji ya barafu, mtumbukize mpaka shingoni. Sisi mbwa wetu aliponea hivyo.

MzeeWaMpwapwa, saa 9:16

MkaziNkuhungu, soma hapa kwanza. Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi, nilisomea Mpwapwa.

Maziwa usimpe. Wala usimkamulie chochote mdomoni, maana paka anayehema hivyo hawezi kumeza vizuri, kitaingia kwenye mapafu.

Maji uliyommwagia ni machache. Manyoya ya paka yanakataa maji kama mwavuli, yanateleza juu na ngozi inabaki kavu. Mlowanishe kwa mkono, pasua manyoya kwa vidole mpaka uione ngozi imelowa. Anza na tumbo, mapaja kwa ndani, makwapa na nyayo, kisha mgongo. Halafu mpepee. Kama una feni, iwashe. Kama umeme hakuna, chukua ungo au gazeti. Maji bila upepo ni nusu ya dawa.

Na swali: hayo maji umeyachota wapi?

MkaziNkuhungu, saa 9:18

Bombani, yanatoka simtanki la juu ya mnara.

MzeeWaMpwapwa, saa 9:19

Nilijua. Saa hizi maji ya simtanki jeusi yanachemka humo, na bomba nalo limeanikwa juani. Jaribu kwa kiganja: ukiyasikia vuguvugu, achana nayo. Chota ya kwenye ndoo iliyolala ndani ya nyumba, au ya mtungini. Yawe ya ubaridi wa kawaida tu.

Barafu achana nayo kwa sasa. Si kwamba itamuua papo hapo, bali ubaridi mkali unafunga mishipa midogo ya ngozi, na damu ndiyo inayobeba joto kutoka ndani kuja nje. Mkifunga njia hiyo joto linabaki tumboni. Pia ataanza kutetemeka, na kutetemeka kunatengeneza joto jipya. Ila kama mtu hana maji mengine kabisa isipokuwa ya friji, atumie hayo hayo, asikae kusubiri.

MkaziNkuhungu, saa 9:24

Nimepata ya ndoo, ya baridi kidogo. Nimemlowanisha mpaka ngozi, dada wa jirani anapepea kwa ungo. Nimefunika na kanga mbichi juu yake.

MzeeWaMpwapwa, saa 9:25

Kanga itoe juu. Ikikaa dakika mbili inapata joto la mwili wake, inakuwa blanketi. Itandike chini yake, alalie.

Una kipimajoto cha kwapani cha tarakimu? Paka kwapani huwezi kumpima, kinaingia njia ya haja kubwa, sentimita mbili hivi, ukipaka mafuta ya mgando. Paka mzima husoma kati ya 38 na 39 na kidogo. Ukikuta 40 na kuendelea, endelea kumpoza. Ikishuka hadi 39.5 acha kumwagia, mfute, maana mwili utaendelea kushuka wenyewe na unaweza kumpeleka kwenye baridi bila kujua.

MamaTatu, saa 9:27

Jamani mimi ni mama, wanangu wakiwa na homa nawapa panadoli ya maji na inashuka ndani ya nusu saa. Ampe hata robo kidonge.

MzeeWaMpwapwa, saa 9:28

MAMA, HAPANA. Samahani kwa herufi kubwa, dada yangu, lakini hili linaua paka. Ini la paka haliwezi kuivunja panadoli kama letu. Damu yake inageuka rangi ya kahawia na inaacha kubeba hewa, fizi zinakuwa za udongo, uso unavimba. Nusu kidonge kinatosha kumuua paka wa kilo tatu.

Halafu hii si homa. Homa ni mwili wenyewe umeamua kupandisha joto kupigana na ugonjwa, ndiyo maana dawa inaweza kuushusha. Huyu amepikwa kutoka nje. Hakuna kidonge cha kumtoa kwenye chungu.

MamaTatu, saa 9:30

Sikujua. Na mimi nilishawahi kumpa paka aspirini mwaka jana 😔 alipona lakini.

MkaziNkuhungu, saa 9:36

Kipimajoto nimeazima kwa mama mwenye duka la dawa hapa mtaani, kanicheka lakini kanipa. Kimesoma 40.6.

MkaziNkuhungu, saa 9:47

40.1. Amefunga mdomo kwa muda, akafungua tena.

MkaziNkuhungu, saa 9:58

39.4!! Mdomo umefungwa. Nimeacha maji, nimemfuta. Amelamba maji mwenyewe kidogo. Mungu mkubwa. Asante sana mzee wangu, shikamoo.

MzeeWaMpwapwa, saa 10:02 jioni

Marahaba. Sasa usilale. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii hii, hata kama anatembea.

KijanaWaMakulu, saa 10:05

Kwani kapona mzee, anapelekwa kufanya nini? Paka ana roho ya paka.

MzeeWaMpwapwa, saa 10:11

Mdogo wangu, joto hilo limepita kwenye figo, utumbo, ini na ubongo. Vitu hivyo havilii siku hiyo hiyo. Paka anaamka, anakula, mnashangilia, kesho au keshokutwa anatapika, anaharisha damu, haendi haja ndogo, mnasema kalogwa. Siku tatu za kwanza ndizo za kutazama.

Na MkaziNkuhungu, usimbebe kwenye kiroba. Nimeona paka wakifika wamekufa ndani ya kiroba. Tumia tenga, au boksi lenye matundu makubwa pande zote, tandika kitambaa kilicholowa chini. Kwenye bajaji kaa upande wenye kivuli.

MtuWaPwani, saa 10:40

Wakuu nauliza kwa nia njema. Mimi niko Temeke, huku joto ni mara mbili ya Dodoma, tunalowa jasho mpaka usiku, na paka wetu sijawahi kuona anahema. Dodoma si mko juu huko kwenye mita elfu na zaidi, usiku mnajifunika blanketi? Hili ni joto kweli au nyumba tu?

MzeeWaMpwapwa, saa 11:05

Swali zuri, na umelijibu nusu. Ni nyumba. Nje kivulini Dodoma mwezi huu wa kumi na moja inagonga 31 au 32, si hatari kwa paka mwenye kivuli na maji. Ila bati lisilo na singibodi, jua la saa nane, madirisha yamefungwa, hilo si Dodoma tena. Nyumba hiyo hiyo ukiijenga Temeke itaua vile vile.

Tofauti ni ukavu. Paka hana jasho la mwili kama sisi, ana kidogo kwenye nyayo tu. Anachofanya ni kujilamba, mate yanakauka juu ya manyoya na kumpoza. Kwenu hewa imejaa maji, mate hayakauki vizuri. Huku yanakauka upesi, anapoa upesi. Ndiyo maana Zabibu kashuka zaidi ya nyuzi moja ndani ya dakika ishirini kwa maji na ungo. Lakini huo ukavu ndio unaomkausha bila yeye kujua: kila anachojilamba kinaondoka hewani, na asipokunywa, mwili unakauka. Kujilamba kusipotosha ndipo anafungua mdomo. Paka kuhema mdomo wazi ni hatua ya mwisho, si ya kwanza.

Chilonwa, saa 12:20 jioni

Mzee umenikumbusha. Bibi yangu huko Chamwino alikuwa na nyumba ya tembe, ile ya udongo juu. Mchana paka wote wa kijiji wanajaa mle ndani, unakanyaga mikia. Baba alipobomoa na kuezeka bati, paka walihamia chini ya mwarobaini na hawakurudi. Tulidhani wametukasirikia.

BajajiNambaNne, saa 12:25

😂😂 Wagogo walikuwa na kiyoyozi cha bure.

DadaWaIlazo, saa 2:15 usiku

Nimeusoma uzi wote nikaingiwa na hofu. Mimi nina paka wa Kiajemi, uso bapa, manyoya marefu meupe, nilimnunua kwa bei ambayo sitaitaja hapa. Nataka kesho nimpeleke saluni anyolewe upara kabisa. Sawa?

MzeeWaMpwapwa, saa 2:40 usiku

Dada, upara hapana. Mchane kila siku utoe manyoya yaliyokufa chini, hayo ndiyo yanayoshika joto. Yaliyojisokota tumboni yakatwe. Ukimnyoa mpaka ngozi, ngozi nyeupe ya paka inaungua na jua, na paka weupe tayari wana shida ya vidonda vya masikio na pua vinavyogeuka saratani.

Hatari yake kubwa ni huo uso bapa. Njia za pua ni finyu, hawezi kuvuta hewa ya kutosha hata kwenye hali ya kawaida. Zabibu alivumilia saa kadhaa, wako asingefika huko. Huyo asikae kamwe chumba kilichofungwa mchana.

DadaWaIlazo, saa 2:44 usiku

Mtu wa saluni aliniambia akinyolewa anapoa.

MzeeWaMpwapwa, saa 2:50 usiku

Wapo hata madaktari wanaokubali kumpunguza awe mfupi, kama sentimita mbili tatu. Hilo sina ugomvi nalo. Upara ndio siutaki.

MkaziNkuhungu, Jumatano saa 1:30 asubuhi

Mrejesho. Jana daktari alimtundikia dripu mguu wa mbele, akanionyesha kubonyeza fizi kwa kidole: rangi ipotee, irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa nirudi mbio. Usiku alitapika mara moja. Asubuhi kinyesi kilikuwa cheusi, kina utando wa damu. Nimempigia daktari, amesema nimrudishe sasa hivi.

Mzee ulisema.

MkaziNkuhungu, Jumatano saa 12:10 jioni

Tumerudi. Amewekewa dripu tena na sindano ya kuzuia kutapika. Amekojoa mara mbili, daktari kafurahia hilo kuliko kitu chochote. Sasa swali langu lingine: nimegundua hanywi maji nyumbani kabisa. Bakuli liko pale pale siku zote. Maji ya mtaa wetu yana chumvi chumvi, mnayajua. Inawezekana anayakataa kwa hiyo?

MamaTatu, Jumatano saa 1:05 usiku

Wangu pia anakataa! Na yeye sasa anakwenda kwenye mchanga kila dakika, anachuchumaa, analia, hakuna kinachotoka. Nadhani ana choo kigumu, nimempa mafuta ya kula.

MzeeWaMpwapwa, Jumatano saa 1:12 usiku

Mama Tatu, ni dume?

MamaTatu, saa 1:14 usiku

Ndiyo dume.

MzeeWaMpwapwa, saa 1:15 usiku

Basi acha kusoma hapa, mpeleke kwa daktari usiku huu. Huenda si choo, ni mkojo umeziba. Dume ana mrija mwembamba, akikaa bila maji mkojo unakuwa mzito, mchanga unajengeka na kuziba. Ukigusa tumbo la chini utakuta kitu kigumu kama chungwa dogo. Usilibonyeze. Akikaa siku moja au mbili hivyo, anakufa.

MamaTatu, saa 1:17 usiku

Nimegusa. Kipo. Naita bajaji.

MzeeWaMpwapwa, saa 1:50 usiku

Nimrudie MkaziNkuhungu. Paka anahitaji kama mililita 50 kwa kila kilo kwa siku, yote kwa pamoja, ya bakulini na ya kwenye chakula. Wako wa kilo tatu na nusu ni mililita 175, kikombe kidogo cha chai. Unamlisha nini?

MkaziNkuhungu, saa 1:55 usiku

Dagaa wakavu na ugali. Wakati mwingine kile chakula cha punje cha dukani.

MzeeWaMpwapwa, saa 2:20 usiku

Vyote vikavu, isipokuwa ugali. Basi karibu kikombe chote kinabidi kitoke bakulini, na paka kwa asili si mnywaji, alizoea kupata maji kwenye mnyama anayemkamata. Badala ya kupigana naye anywe, weka maji kwenye chakula. Dagaa waloweke, mwaga maji ya kwanza yenye chumvi na mchanga, chemsha upya bila chumvi na bila kitunguu, kitunguu kinaharibu damu ya paka. Mimina mchuzi na dagaa juu ya ugali mpaka uwe kama uji mzito. Hapo nusu ya kazi imeisha kabla hajasogelea bakuli.

Chumvi ya maji yetu ya visima haimdhuru akiwa mzima, ila ladha anaweza kuikataa. Mjaribu: bakuli la bomba na bakuli la maji ya mvua au ya dukani, uone anachagua lipi. Mara nyingi kinachomkimbiza si chumvi, ni uchafu. Pitisha kidole ndani ya bakuli lako sasa hivi. Linateleza?

MkaziNkuhungu, saa 2:23 usiku

Linateleza kama konokono 🙈

MzeeWaMpwapwa, saa 2:35 usiku

Huo utelezi hautoki kwa kusuuza. Sugua kwa sabuni na dodoki kila siku, suuza mpaka harufu ya sabuni iishe, paka ana pua kali. Bakuli la plastiki lenye mikwaruzo litupe, tumia la udongo uliong'arishwa au bati la chuma. Lisogeze mbali na chakula na mbali na mchanga wake. Usijaze juu ya maji ya jana, mwaga na uanze upya asubuhi na jioni. Na ndoo unayochotea iwe na kifuniko, mwezi huu viluwiluwi vya mbu vinajaa ndani ya siku chache.

Chilonwa, saa 2:50 usiku

Mtungi mdogo mzee, vipi? Kwetu paka wananywa kwenye kigae cha mtungi uliovunjika.

MzeeWaMpwapwa, saa 3:00 usiku

Kwa Dodoma hakuna bora zaidi. Udongo unatoa jasho, hewa kavu inalikausha, maji yanapoa yenyewe. Ila udongo usiong'arishwa unakunywa sabuni, huo usugue kwa mchanga au chumvi, uanike juani, uwe na viwili vya kubadilishana.

KijanaWaMakulu, saa 3:10 usiku

Nitajuaje anakunywa kiasi gani? Bakuli linapungua lenyewe kwa jua hili.

MzeeWaMpwapwa, saa 3:18 usiku

Weka mawili yanayofanana, kipimo sawa. Moja mpe paka, lingine weka mahali pa joto lile lile asipolifikia. Jioni toa tofauti. Kilichozidi ndicho alichokunywa yeye.

KijanaWaMakulu, saa 3:20 usiku

Hiyo nimeipenda.

DadaWaIlazo, Alhamisi saa 4:00 asubuhi

Mimi maji naweka dawa ya klorini, ile ya kuua vijidudu. Anayanusa anaondoka. Niache?

MzeeWaMpwapwa, Alhamisi saa 6:30 mchana

Usiache kwa ajili yenu. Yake yaache wazi kwenye chombo kipana usiku kucha ukiwa umefunika kwa kitambaa chepesi, harufu hupungua sana. Au yachemshe, yapoe. Asipoyataka hata hivyo, basi mpe ya kuchemsha yasiyowekwa klorini.

MamaTatu, Ijumaa saa 3:00 asubuhi

Jamani, Tomu yuko hai. Walimwekea mrija, ukatoka mkojo mwekundu. Daktari amesema ningesubiri mpaka asubuhi ningemzika. Bado amelazwa, na anaweza kuziba tena, hawajaniahidi kitu. Mzee, Mungu akuzidishie.

MkaziNkuhungu, Ijumaa saa 1:20 usiku

Zabibu leo kala uji wa dagaa wote, kinyesi kimerudi rangi yake. Damu ya kupima figo walichukua asubuhi, majibu Jumatatu. Nimetoboa tundu la paka chini ya mlango, fundi kaona ajabu, na singibodi naanza na chumba kimoja mwisho wa mwezi. Kwa sasa anashinda chini ya mwarobaini wa jirani, na jirani ana kuku. Hilo nitalifungulia uzi mwingine.